Shimo la Taka Nyuma ya Darasa: Kuandaa Somo la Sayansi katika Shule za Kitui na Makueni

Andalio la somo kuhusu taka mara nyingi huandikwa haraka. Mwalimu hunakili matokeo yanayotarajiwa, huchora mapipa matatu ya rangi ubaoni, na dakika 35 za kipindi huisha wanafunzi wakijua kutaja taka zinazooza na zisizooza. Kesho yake asubuhi, wale wale wa zamu ya usafi hufagia kiwanja, huchanganya majani, makaratasi ya peremende, chupa na majivu ya jikoni, na kuvimwaga vyote katika shimo lililo nyuma ya darasa. Jioni shimo linafuka moshi. Somo limefundishwa na shimo lingali lile lile, kwa sababu andalio halikuliuliza shimo hilo lina nini.

Katika mtaala wa umilisi wa Kenya, mambo ya taka huanzia gredi za chini katika Shughuli za Mazingira. Kuanzia gredi ya 4 mwanafunzi huingia katika Sayansi na Teknolojia, ambamo hukutana pia na maada na sifa zake: kinachoelea na kinachozama, kinachovutwa na sumaku na kisichovutwa. Ukaribu huo ndio ufunguo wa andalio zuri. Kutenganisha taka ni kutenganisha maada kwa sifa zake, na mwanafunzi akilielewa hilo hahitaji kukariri orodha ya vitu vya pipa la kijani na vya pipa la buluu. Akiokota kitu asichowahi kukiona, atajua namna ya kukipima.

Sheria nayo imeshatangulia. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inazitaka taasisi za umma na za kibinafsi zitenge taka zisizo na hatari katika mafungu mawili, yaani zenye asili ya viumbe na zisizo na asili hiyo, na kuziweka katika vyombo vyenye maandishi na rangi. Shule ya msingi ni taasisi ya umma. Kwa upande wa kuzoa, Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti kazi ya kuondoa taka, lakini lori la kaunti ni jambo la miji kama Kitui, Mwingi, Wote na Emali. Shule iliyo kilomita nyingi kutoka barabara ya lami haina lori la kungojea. Kila kinachoingia langoni kitabaki humo humo, isipokuwa mtu akitoe kwa mkono wake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya andalio ni kuhesabu, kabla mtu hajanunua wala kupaka rangi pipa lolote. Ukaguzi wa taka wa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, unatosha. Vifaa ni mizani ya kuning'inia, magunia matano, ndoo ya lita 20, chekeche au kipande cha wavu wa waya, na daftari. Kila siku, baada ya usafi wa asubuhi na baada ya chakula cha mchana, kundi moja la wanafunzi hupokea taka zote za siku hiyo, huzigawa kwa macho tu, hupima uzito wa kila fungu na kuandika. Siku ya kwanza makundi hayo huwa ya ovyo, na ni sawa. Ovyo hilo litakuwa mfano mzuri darasani baadaye.

Kosa la kwanza hujitokeza hapo hapo, nalo linatokana na ardhi ya Ukambani. Viwanja vya shule nyingi ni udongo mwekundu ulio wazi, unaofagiliwa kila siku kwa matawi au fagio la chelewa, na gunia la ufagio huwa na udongo mwingi kuliko taka. Chukulia shule ya kutwa yenye wanafunzi 240. Siku moja gunia la ufagio lina kilo 14. Likichekechwa, kilo 9.5 ni udongo na kilo 4.5 ni majani makavu. Jikoni kumetoka kilo 3 za maganda na makombo, na kilo 6 za majivu ya kuni. Karatasi ni kilo 1.2, chupa na plastiki nyingine ni gramu 400, chuma ni gramu 150. Mwalimu asiyechekecha atafundisha kwamba plastiki ni chini ya asilimia 2 ya taka za shule. Akiondoa udongo na majivu, plastiki inapanda hadi asilimia 4 na kidogo. Kisha wanafunzi wakizijaza chupa zile zile katika ndoo ya lita 20 bila kuzikunja, ndoo inakaribia kujaa. Gramu 400 ni chupa 20 tu za nusu lita, zenye uzito wa gramu 20 hivi kila moja, lakini nafasi zinayochukua ni kubwa kuliko ya kilo nzima ya karatasi zilizopangwa. Hapo uzito na ujazo vimefundishwa bila kuitwa kwa majina, na darasa limeona kwa nini shimo hujaa upesi ilhali hakuna kizito kilichotupwa humo.

Ukaguzi huonyesha pia yasiyokuwepo. Vitabu vingi vya kiada huchukulia kwamba nusu ya taka za shule ni mabaki ya chakula mabichi. Shule inayopika isyo, yaani mahindi na maharagwe au mbaazi, hutoa maganda machache sana: majani ya nje ya kabichi, maganda ya vitunguu, basi. Makombo ya sahani nayo yana wenyewe, kwani mpishi huyachukua kwa kuku au mbuzi. Mwanafunzi akiyaandika kama taka amekosea. Kitu chenye mahali pa kwenda na mtu wa kukichukua hakijawa taka bado, na swali dadisi la kipindi cha kwanza linaweza kuwa hilo hilo: kitu huwa taka lini?

Baada ya wiki ya ukaguzi ndipo vipindi vya sayansi vinaanza, na ni afadhali viwili vya kwanza viunganishwe viwe dakika 70. Majaribio ni matatu: sumaku, maji na udongo. La sumaku ni fupi. Sumaku iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa huvuta vifuniko vya chupa za soda za kioo, misumari na makopo ya chakula, huacha kopo la soda la alumini. Wanafunzi wengi huamini kuwa kila chuma huvutwa. Kopo likikataa, imani hiyo inavunjika kwa sekunde moja na haina haja ya maelezo marefu.

Jaribio la maji linastahili muda zaidi. Chukua chupa moja ya maji ya kunywa pamoja na kifuniko chake. Kata vipande vya ukubwa wa ukucha kutoka kwenye ubavu wa chupa, na vingine kutoka kwenye kifuniko. Jaza beseni maji, kisha mwanafunzi atupie vipande vyote. Mara nyingi vyote vitaelea, na darasa litasema plastiki huelea. Hapo mwalimu asikimbilie kusahihisha. Vipande vyembamba vinabebwa na ngozi ya uso wa maji na vipovu vya hewa vilivyonasa kandokando. Mwanafunzi akivizamisha kimoja kimoja kwa kidole, akavipangusa chini ya maji, na tone la sabuni likiongezwa, ubavu wa chupa unashuka taratibu hadi chini ya beseni, na kifuniko kinarudi juu kila kikizamishwa. Chupa imetengenezwa kwa plastiki yenye densiti ya 1.38 hivi ikilinganishwa na 1 ya maji. Kifuniko ni plastiki nyingine, yenye densiti ya 0.9 na kitu. Vitu viwili vilivyonunuliwa dukani kama kitu kimoja ni maada mbili, na viwanda vinavyosaga chupa hutumia maji hayo hayo kuzitenga. Jaribio lina mpaka wake: kipande cha mfereji wa PVC huzama kama ubavu wa chupa, kwa hiyo maji peke yake hayawezi kuvitenga hivyo viwili. Ni vizuri wanafunzi wakiliona na hilo, ili wasidhani kipimo kimoja kinamaliza kazi.

Jaribio la udongo ndilo linaloshindwa mara nyingi, na linashindwa kwa namna ambayo ni somo lenyewe. Maagizo ya kawaida ni kufukia ganda la ndizi, karatasi, kipande cha nailoni na msumari, kisha kufukua baada ya wiki nne. Ukifanya hivyo Kitui mwezi wa Februari, ganda la ndizi litatoka jeusi, gumu kama ngozi ya kiatu. Halikuoza; limekauka. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji unyevu, na udongo ule hauna. Darasa likiambiwa tu kwamba ganda ni taka inayooza, ushahidi ulio mkononi mwao unakataa.

Njia bora ni mashimo mawili ya kina cha sentimita 15 hadi 20, yakiwa mita moja mbali, yenye vitu vile vile. Moja humwagiliwa kikombe kimoja kikubwa cha maji ya kunawia mikono kila siku ya shule, jingine huachwa kavu. Kila kitu hufungwa kwa uzi wenye kijiti kinachobaki juu ya ardhi, la sivyo wakati wa kufukua nusu ya vitu havitaonekana na kila kundi litadai chake kimeoza. Kufukua hufanywa baada ya wiki mbili, nne na nane.

Hata hivyo yupo mgeni asiyeandikwa vitabuni. Katika shimo kavu karatasi inaweza kutoweka kabisa kabla ya ganda la ndizi, na wanafunzi wakahitimisha kwamba karatasi huoza bila maji. Aliyeila ni mchwa. Alama zake zinajulikana kwa kila mtoto wa Ukambani: vijia vya udongo uliogandishwa kwa mate, na kingo za karatasi zilizotafunwa kwa mikato ya mviringo badala ya kulainika na kufanya madoa. Karatasi iliyoanza kuoza huwa na ukungu, huchanika ikiguswa na hutoa harufu ya udongo wa msituni. Kutofautisha kilicholiwa na kilichooza ni sayansi halisi ya gredi ya 4, tena inayotumia maarifa ambayo mtoto amekuja nayo kutoka nyumbani. Nailoni, katika mashimo yote mawili, itatoka na maandishi yake yakisomeka. Msumari utakuwa na kutu upande wa maji pekee.

Ndipo swali la mapipa linapokuja, na jibu lake ni fupi: mapipa yawe mengi kama mahali pa kupeleka, yasizidi. Pipa lisilo na mwisho wake hugeuka kuwa kituo cha njiani kuelekea shimo lile lile, na watoto hugundua haraka. Wakimwona mfanyakazi akimwaga mapipa mawili katika moto mmoja, hawatatenga tena. Kwa shule ile ya mfano, mafungu yenye mwisho ni manne. Majani na maganda huenda katika shimo la mboji. Karatasi safi zilizoandikwa upande mmoja hurudi darasani, na zilizochakaa huraruliwa na kuingia mbojini. Chuma hungoja kwenye gunia hadi mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye leseni apite. Plastiki ni ngumu zaidi. Kwa gramu 400 kwa siku, wiki ya siku tano hutoa kilo 2, na muhula wa wiki 13 hutoa kilo 26. Hakuna anayesafiri kutoka mjini kufuata kilo 26. Ama shule kadhaa za eneo moja zikusanye pamoja, ama chupa zipunguzwe langoni kwa kumtaka kila mtoto aje na chupa moja ya kudumu. La pili halina mvuto wa picha za mapipa ya rangi, ila ndilo linalopunguza taka kweli. Kenya yenyewe ilifuata njia hiyo tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ilipoanza kutekelezwa: mifuko ilizuiwa isitengenezwe wala kutumiwa, badala ya kutafutiwa mapipa.

Mboji ya nchi kavu ina kanuni zake. Biwi la juu ya ardhi, linalochorwa vitabuni, hukauka Makueni kwa siku mbili. Shimo la kina cha sentimita 60 na upana wa mita moja, chini ya kivuli cha mwembe, hushika unyevu zaidi. Kwa kuwa taka nyingi ni majani makavu, yenye kaboni tele na nitrojeni kidogo, peke yake yatakaa mwaka mzima yakiwa majani. Debe tatu za majani kwa debe moja ya samadi ya mbuzi huleta uwiano unaofaa, na samadi ya mbuzi haikosekani kwa jirani yeyote. Majivu yawe konzi chache tu, kwani yakizidi hufanya mboji kuwa na chumvi na alkali nyingi. Yanayobaki yanafaa kunyunyizwa chooni kupunguza harufu. Kipimo cha maji ni mkono: konzi ya mboji ikikamuliwa, itoe tone moja au mawili. Isipotoa kitu ni kavu, ikichuruzika imelowa mno na itanuka. Fimbo ya chuma ikichomekwa katikati kwa dakika tano na kutolewa ikiwa na joto, mboji inafanya kazi. Ikitoka baridi wiki mbili mfululizo, kilichokosekana karibu kila mara ni maji au samadi.

Kuna vitu ambavyo mwanafunzi hapaswi kuvishika, na andalio liviandike kabla ya siku ya kwanza ya ukaguzi. Wembe ndio wa kwanza. Watoto huchongea penseli kwa wembe, na vipande vilivyovunjika hujificha katika majani ya ufagio, mahali hasa ambapo mikono ya mtoto itaingia. Sumaku ya spika ikipitishwa juu ya lundo kwanza huvikamata, na hilo ni tumizi la sayansi ambalo darasa halitalisahau. Vioo huokotwa na mtu mzima kwa koleo. Betri za tochi zilizovimba au zinazotoa maji huwekwa kwenye kopo lenye kifuniko, wala hazitupwi motoni. Taulo za hedhi, ambazo serikali ilijitwika jukumu la kuwapa wasichana wa shule za umma kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017, ziwe na chombo chao chenye kifuniko katika choo cha wasichana, kishughulikiwe na mtu mzima na kisiingie katika ukaguzi kabisa. Maandalio mengi hunyamazia jambo hili kwa haya, na matokeo yake huonekana siku kundi la wavulana linapofungua gunia mbele ya darasa zima.

Moto nao unahitaji maneno machache. Shimo la shule huungua kwa joto la chini na moshi mwingi, na plastiki katika joto kama hilo, hasa PVC, hutoa sumu za jamii ya dioksini. Somo halitaondoa moto siku moja. Linaweza kuondoa sababu ya kuuwasha: majani yakishaingia mbojini, shimo hupoteza kuni zake, na kinachobaki hakishiki moto kwa urahisi.

Upimaji wa somo hili ukifanywa kwa karatasi ya maswali utapima kumbukumbu. Kipimo kinachofaa kipo ndani ya pipa. Wiki ya tatu, kundi hupewa ndoo moja kutoka kila pipa, huhesabu vitu 50 vya kwanza na kuandika vingapi vimekosea mahali. Anayetenga na kueleza sifa iliyomwongoza, hata kwa kitu kigeni, amezidisha matarajio. Anayetenga sahihi vitu alivyofundishwa amefikia. Anayekosea katika vitu vyenye maada mbili, kama chupa iliyo na kifuniko chake, anakaribia. Anayetumia rangi ya kitu kuamua pipa yuko mbali, na hao ni wengi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa chupa ya kijani huvutwa sana na pipa la kijani. Kosa hilo likizidi, dawa ni kufuta rangi kwa muda na kuning'iniza juu ya kila pipa kitu chenyewe: jani, kopo, chupa.

Utunzaji wa mazingira huunganishwa na somo kwa kufuata taka hadi nje ya ua. Kitui na Makueni zina mito mingi ya msimu yenye mabwawa ya mchanga, ambapo ukuta hujengwa kukatiza mto, mchanga hujaa nyuma yake na maji huhifadhiwa ndani ya mchanga. Mvua ya kwanza hushuka kwa nguvu juu ya ardhi tupu na kubeba kila kilicho chepesi. Kipindi kimoja cha kutembea kutoka shimo la shule, kufuata mfereji hadi kwenye korongo, wanafunzi wakihesabu plastiki zilizonaswa miibani, hueleza zaidi kuliko bango. Njiani watakuta mbuzi wakitafuna, na wengi wao wamewahi kuona nyumbani mnyama aliyechinjwa akiwa na fundo la nailoni tumboni. Nailoni haivunjwi tumboni kama isivyovunjwa udongoni.

Kalenda huamua mengine. Mashimo ya majaribio yafukiwe muhula wa kwanza, Januari, wakati wa kiangazi kifupi, ili tofauti ya kavu na mbichi iwe kali kabla ya mvua za Machi na Aprili kuyafananisha. Shimo la mboji lijazwe muhula wa tatu na lifunikwe kwa udongo na matawi ya miiba ya kuzuia mbuzi kabla shule hazijafungwa. Mvua za Novemba, ambazo Ukambani ndizo zinazotegemewa zaidi, zitalimwagilia wakati hakuna mtoto wa kuchota maji, mradi tu lisichimbwe bondeni na liwe na tuta dogo upande wa juu. Likifunguliwa Januari, majani yatakuwa yamegeuka udongo mweusi. Yatakayobaki mazima ni makokwa ya maembe, kwa sababu ganda la kokwa ni kama mti, na gredi ya 4 mpya itakuwa na swali lake la kwanza mkononi.